Daftari la Karani: Diwani za Kumwanzia Mtu Mzima Anayeliogopa Shairi

Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 34, na kwa muda mwingi wa miaka hiyo niliamini kwamba mwanafunzi asiyependa ushairi ni mvivu wa kuhesabu. Imani hiyo ilivunjwa jikoni kwangu, na fundi wa majokofu.

Alikuja kutazama jokofu lililokuwa likinguruma bila kugandisha. Alipomaliza kazi akanawa mikono, akatazama rafu ya vitabu ukumbini, kisha akasema, “Shikamoo tena, Mwalimu. Naona hukunitambua.” Nikamwitikia marahaba na kukiri kwamba kweli sikumtambua. Akanitajia mwaka na darasa. Akanikumbusha pia siku niliyomsimamisha mbele ya wenzake ahesabu mizani ya ubeti mmoja, akapata 7 mahali palipokuwa na 8, nikamwambia hana sikio la shairi. Darasa likacheka. Mimi nilikuwa nimesahau kabisa. Yeye alikuwa amelibeba neno lile kwa miaka 28.

Hakuja kunilaumu. Alikuwa na haja. Baba yake, aliyekuwa karani katika shamba la mkonge huku Tanga, alifariki na kumwachia sanduku, na ndani ya sanduku mlikuwa na daftari la mashairi yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino. Alilifungua mara mbili na kulifunga mara mbili. “Naogopa, Mwalimu. Nikiona mistari imekatwa katikati, kichwa kinagoma. Nipatie kitabu chepesi cha kuanzia, nifike kwenye hili la mzee.”

Ninayoandika hapa ni habari ya vitabu nilivyompa, kwa utaratibu niliompa, pamoja na kosa nililofanya mwanzoni. Malenga wenzangu mna rafu zenu na huenda mngechagua vingine. Lakini nadhani wengi wetu tungelifanya kosa lile lile.

Kitabu cha kwanza, na kwa nini kilirudi

Nilimpa *Kichomi* cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1974. Hoja yangu niliiona imara. Mtu huyu anaogopa vina na mizani. Basi apewe diwani isiyofungwa na vina wala mizani. Anaogopa maneno ya kale. Basi apewe mshairi aliyekusudia kutumia lugha ya mazungumzo ya kila siku. Tena kitabu ni chembamba, na mashairi yake mengi hayachukui nafasi kubwa.

Siku ya nne kilirudi. “Maneno yote nayajua,” alisema, “hakuna hata moja lililonipeleka kwenye kamusi. Lakini nikifika mwisho sijui nimeambiwa nini. Afadhali ningekutana na neno gumu, ningejua nimekwama wapi.”

Sentensi hiyo ya mwisho ilinifunza jambo ambalo chuo cha ualimu hakikunifunza. Ugumu wa shairi uko wa namna mbili, na kila namna ina dawa yake. Upo ugumu wa maneno: msamiati wa kale, lahaja, ufupisho wa neno kwa ajili ya mizani. Huo msomaji anauona kwa macho, anaweza kuuwekea kidole na kumwuliza mtu. Upo pia ugumu wa fikra, ambapo maneno ni ya sokoni lakini picha zinazojengwa nayo hazina mtu wa kuzifafanua. Kezilahabi alikuwa mwanafalsafa. Maneno yake mepesi hukaa juu ya maswali mazito kuhusu maisha na kifo na maana ya kuwapo. Kwa msomaji aliyekwisha kujiamini, huo ni utamu. Kwa aliyewahi kuambiwa hana sikio, ni ushahidi wa pili kwamba kweli hana.

Mjadala mkali uliofuata kutoka kwa *Kichomi* ulikuwa juu ya kama tungo zisizo na vina ni mashairi au si mashairi. Katika joto la mjadala ule, wengi tulichukulia kwamba huru maana yake ni rahisi. Si hivyo. Vina humshika mkono msomaji mgeni: sauti inayorudi humwambia kwamba wazo limefika kituo, na kituo kinamruhusu kupumua. Ukimwondolea vina, umemwondolea ugumu mmoja na vituo vyote pamoja.

Kitabu cha pili, kilichokaa

Safari hii nilikaa na maswali kabla ya kunyoosha mkono rafuni. Mashairi yawe mafupi kiasi kwamba moja liishe kabla chai haijapoa. Mistari iwe mifupi. Vina viwepo, lakini visimlazimishe mtunzi kupinda maneno. Na zaidi ya yote, yule anayesema katika shairi na yule anayeambiwa wawe watu wanaofahamika.

Nikampa *Wasakatonge* ya Mohamed Seif Khatib, iliyotolewa mwaka 2003. Walimu wa Tanzania wataicheka habari hii, kwa maana diwani hiyo imefundishwa sana katika sekondari na wengi wetu tumeichoka kwa kuisahihishia mitihani. Lakini fundi wangu alimaliza shule kabla haijatoka, hivyo haikuwa na doa la mtihani kwake. Msomaji mtu mzima anapaswa kuulizwa swali hili mapema: ni kitabu gani ulichofanyiwa mtihani? Hicho kisiwe cha kwanza, hata kiwe kizuri namna gani.

Jina la diwani ni la shairi linalohusu watu wanaohangaikia tonge, wale wa kazi za jasho na ujira mdogo. Fundi alilisoma usiku, na asubuhi akanipigia simu. Alisema amewaona manamba wa mkonge aliowajua utotoni, waliokuwa wakipita mbele ya dirisha la ofisi ya baba yake siku ya mshahara. Hakutaja mizani wala kina. Alitaja watu. Nikajua kitabu kimekaa.

Nilimwekea masharti matatu tu. La kwanza, asisome zaidi ya mashairi matatu kwa usiku mmoja, kwa sababu diwani si riwaya na anayeikimbiza huishia kukumbuka ukungu. La pili, kila shairi alisome mara mbili kwa sauti, hata kama ni sauti ya kunong'ona, maana vina vyetu vilitungiwa sikio. La tatu, akimaliza asijiulize maana ya shairi. Ajiulize nani anasema, anamwambia nani, na anataka nini. Maswali hayo matatu yana majibu, na majibu yake hupatikana ndani ya ubeti. Swali la maana ndilo nililokuwa nikiliuliza darasani kwanza kabisa, na ndilo lililowanyamazisha watoto wa watu.

Mizani nilimkataza kuhesabu kwa mwezi mzima.

Kutoka sauti moja kwenda nyingi

Baada ya hapo nilimpa *Malenga Wapya*, mkusanyo wa washairi wa Zanzibar. Faida ya mkusanyo kwa mgeni ni kwamba unamruhusu kuchukia. Akisoma diwani ya mtu mmoja na isimpendeze, hudhani kosa ni lake. Akisoma ya watu kadhaa, atampenda huyu na kumpita yule, na hapo ndipo anapoanza kuwa msomaji. Fundi alirudi na vipande vya karatasi vimechomekwa katika kurasa alizozipenda, na akanieleza kwa ujasiri nani anamchosha. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku yoyote ya matokeo ya kidato cha nne.

Msomaji wa Kenya anaweza kuifikia hatua hii kwa njia nyingine. Kithaka wa Mberia, katika *Mchezo wa Karata* cha mwaka 1997, ana mashairi mafupi yasiyo na vina, lakini hasira yake imeelekezwa kwa mambo ya wazi ya siasa na jamii, hivyo msomaji hapotei kama mgeni anavyoweza kupotea katika *Kichomi*. Alamin Mazrui naye, katika *Chembe cha Moyo* cha mwaka 1988, ana tungo fupi ambazo baadhi yake zinahusu kuwekwa kwake kizuizini. Msomaji akijua kwamba anayesema yuko nyuma ya kufuli, nusu ya kazi imekwisha. Haya ni mashairi huru yanayomfaa mgeni, kwa sababu swali la nani anamwambia nani lina jibu.

Vitabu ambavyo sikumpa ni vingi, na baadhi yake navipenda. Sikumpa *Utenzi wa Vita vya Uhuru* wa Shaaban Robert, kwa kuwa una beti za maelfu. Ubeti wa utenzi ni mfupi, lakini safari yake ni ya miezi. Sikumpa kitabu cha kanuni za utunzi, kwa maana mtu hafundishwi ufundi wa jiko kabla hajaonja pilau.

Visiwani, kisha Mvita

Katika mwezi wa tatu nilimpa *Kimbunga* ya Haji Gora Haji, iliyochapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1994. Hapa nilitaka akutane na ugumu wa maneno kwa mara ya kwanza, akiwa tayari amepata nguvu. Haji Gora alikuwa mtu wa Tumbatu, mwana wa bahari, na tungo zake zina maneno ya visiwani ambayo mtu wa Tanga huyasikia nusu nusu. Zina pia fumbo: kimbunga kinachotajwa ni upepo, na si upepo tu.

Nilimpa kipimo cha kujua kama kitabu kimemzidi. Akikwama mara moja au mbili katika shairi, aendelee, maana maneno yanayolizunguka neno geni mara nyingi hulifafanua. Akikwama mara nne katika ubeti mmoja, afunge kitabu, arudi kwa kile cha nyuma kwa juma moja. Alirudi nyuma mara mbili na hakuona aibu. Mambo mawili yalimsaidia. Alikuwa anajua tayari kwamba mshairi wa vina hufupisha neno ili litoshe, hivyo alipoona neno limekatwa hakudhani ni kosa la chapa. Na alikuwa amezoea kuuliza nani anamwambia nani, hata pale alipokuwa haelewi nusu ya maneno.

Mwishoni nilimfungulia Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyeishi kati ya 1776 na 1840 hivi. Watu humtaja Muyaka kwa heshima ya mbali, kana kwamba ni mlima. Wanasahau kwamba tungo zake nyingi ni fupi mno, baadhi ni za ubeti mmoja tu wenye mistari minne. Kwa urefu, hakuna mshairi anayemfaa mgeni kuliko yeye. Kinachomzuia mgeni ni Kimvita, pamoja na matukio yaliyozaa tungo zile, maana Muyaka alitunga juu ya siasa za Mombasa ya Wamazrui na alijibizana na washairi wa Lamu.

Kimvita kina desturi chache ambazo mtu akizishika mapema hupunguza nusu ya hofu. Penye *ch* ya Kiswahili sanifu, mara nyingi utakuta *t*: macho ni *mato*, nchi ni *nti*. Penye *nj* utakuta *nd*: njia ni *ndia*. Mtu asiyejua hayo akikutana na *kuteka* atafikiri mtu anachota maji, kumbe mtu anacheka. Kwa upande wa matukio nilimwazima kitabu cha Mohamed Hassan Abdulaziz cha mwaka 1979, kinachoeleza Mombasa ya wakati ule kabla ya kukuachia tungo. Maelezo yake ni ya Kiingereza, na fundi alihitaji msaada wa binti yake. Walikaa wawili mezani, binti akieleza mazingira na baba akisoma ubeti kwa sauti. Sikukusudia hilo, lakini nisingeweza kulipanga vizuri zaidi.

Katika Muyaka nilitaka aone jambo moja hasa: kwamba ubeti wa zamani huweza kuwa barua. Mtu amekosewa, anamtungia mwenzake, na mwenzake anajibu kwa vina vile vile. Kitu kinachotajwa si lazima kiwe ndicho kinachosemwa. Nilijua daftari la karani linaweza kuwa na barua za namna hiyo, kwa maana kizazi chake kilikua na kurasa za mashairi za magazeti, ambapo watu wasiojuana walilumbana kwa beti.

Daftari

Alilileta mwezi wa sita. Nilimwomba anionyeshe, nikamwomba pia asome yeye. Akafungua ukurasa, akasoma kwa sauti, polepole, mara mbili. Amenipa ruhusa kuunukuu ubeti huu:

Jembe nilikuazima, shamba lako ulimie,
Siku saba zimekoma, wataka nivumilie,
Shamba limeshanisema, kwa kucha nilichimbie?
Rejesha jembe mapema, nyumba yangu isilie.

“Nani anasema?” nikauliza.

“Baba.”

“Anamwambia nani?”

“Ndugu yake. Juu ameandika *Kwa kaka*. Ni baba mkubwa.”

“Anataka nini?”

“Jembe lake.” Akanyamaza. Akaurudia mstari wa tatu kwa sauti ya chini, ule wa kuchimba kwa kucha, akatabasamu kwa kuwa una kejeli. Kisha tabasamu likaondoka. “Lakini Mwalimu, baba hakuwa na shamba. Alikuwa karani. Sijawahi kumwona ameshika jembe.”

Sikusema neno. Katika miaka yangu ya darasani ningelikuwa nimekwisha kueleza sitiari ni nini na kuandika ufafanuzi ubaoni. Nilingoja. Akatazama tarehe iliyoandikwa pembeni kwa wino uliofifia, akahesabu kwa vidole.

“Huu ndio mwaka niliorudishwa nyumbani kwa ada,” alisema. “Nilikaa nyumbani muhula mzima. Siku zote nilidhani mzee hakujali. Hakusema kitu.” Akafungua ukurasa wa pili, na pale palikuwa na majibu, kwa mwandiko mwingine, vina vile vile vya *ma* na *ie*. Baba mkubwa alikuwa akiomba asubiriwe hadi mavuno.

Sijui kwa hakika kama jembe lile lilikuwa fedha ya ada. Huenda lilikuwa baiskeli, huenda lilikuwa deni lingine ambalo wote waliolijua wamezikwa nalo. Nilimwambia hivyo, kwa maana msomaji hana haki ya kulijaza shairi kile anachokitaka. Lakini maneno mawili yanasimama bila kubahatisha. Mstari wa tatu unamwonyesha mtu anayesemwa kwa kitu alichoshindwa kukifanya. Mstari wa nne una neno *nyumba*, na katika Kiswahili cha wazee nyumba si matofali, ni waliomo. Aliyekuwa akiililia nyumba yake isilie hakuwa mtu asiyejali. Hayo yamo katika ubeti, na yanatosha.

Ndipo, bila mimi kumwambia, fundi akaanza kugonga meza kwa kidole. Je-mbe-ni-li-ku-a-zi-ma. Nane. Sha-mba-la-ko-u-li-mi-e. Nane. Akapita mistari yote minne, akapata nane kila upande, na hakukosea hata pande moja. “Mzee alikuwa na hasira,” alisema, “lakini hakuvunja hata mizani moja.”

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikasikia mtu akieleza mizani inafanya kazi gani. Nilikuwa nimeifundisha kwa miaka 34 kama hesabu ya idadi. Karani yule aliitumia kuishika hasira yake isimwagike juu ya ndugu yake, na mwanawe akaisikia, mwana niliyemwambia hana sikio. Nilimwomba radhi pale pale mezani. Akacheka, akasema tumekwisha lipana, kwa sababu jokofu alinitoza pesa kidogo kuliko ilivyostahili.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, akikujia mtu mzima anayeliogopa shairi, usikimbilie kitabu kikubwa wala kitabu chembamba. Muulize kwanza alifanyiwa mtihani wa kitabu gani, na amezuiwa na maneno au na fikra. Mpe tungo fupi ambazo msemaji wake anaonekana, mwache asome kwa sauti, mizani ikae nje kwa mwezi mmoja. Ikiwa kuna daftari katika sanduku la nyumbani kwao, mwambie alilete, lakini lisiwe la kwanza.

Daftari la karani lina kurasa 61. Tumefika ukurasa wa 14. Wiki hii tumekwama kwenye neno moja ambalo hakuna kamusi iliyotusaidia, na fundi amesema atakwenda kumwuliza shangazi yake, aliyebaki peke yake katika kizazi kile.

Wasalaam.